Mrefu ni Nani? Kusoma Mchoro wa Matawi kwa Sentensi Fupi

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, na wanafunzi wa isimu mliokusanyika hapa,

Nimeombwa nifafanue slaidi za michoro ya matawi, zile ambazo wanafunzi wengi huzinakili daftarini kwa bidii na kwa rula, halafu wakashindwa kueleza kwa nini mstari fulani umetokea hapa na si pale. Nitatumia sentensi fupi za kila siku, kwa sababu sentensi ndefu huwa na pembe nyingi za kufichia kosa, ilhali sentensi ya maneno matatu au matano haina pa kulifichia. Sehemu kubwa ya muda wangu nitaitumia kwa sentensi moja tu: "Mtoto wa mwalimu mrefu amelala." Naomba muiandike pembeni sasa hivi, na kabla hatujaifikia kila mmoja aamue kimoyomoyo ni nani aliye mrefu.

Tuanze na slaidi ya kwanza, yenye sentensi iliyo rahisi kuliko hiyo.

```
          S
        /   \
      KN     KT
     /  \     |
   KN    V    T
   |     |    |
   N   mdogo  amelala
   |
 mtoto
```

Juu kabisa pana S, yaani sentensi nzima. Chini yake yametoka matawi mawili: KN, ambayo ni kirai nomino, na KT, ambayo ni kirai kitenzi. Wapo wanaosema kikundi nomino na kikundi kitenzi. Herufi hazibadiliki na maana haibadiliki. N ni nomino, V ni kivumishi, T ni kitenzi. Mahali tawi linapoanzia panaitwa kifundo. Kifundo kilicho juu huitwa mama, na vile vinavyoning'inia moja kwa moja chini yake huitwa mabinti.

Sasa naomba tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi hupita haraka. Kila kifundo katika mchoro huu ni dai. Anayechora KN juu ya "mtoto" na "mdogo" anadai kwamba maneno hayo mawili, bila pungufu wala ziada, yanafanya kazi kama kitu kimoja ndani ya sentensi hii. Kitu hicho kimoja ndicho tunachokiita kiambajengo. Ukitaka kujua kama maneno fulani ni kiambajengo kwa mujibu wa mchoro ulio mbele yako, tafuta kifundo kimoja ambacho, ukiweka kidole juu yake na kushuka kwa matawi yake yote, utayafikia maneno hayo na hayo tu. Jaribuni kwa "mdogo amelala." Kifundo pekee kinachoyafunika maneno haya mawili kwa pamoja ni S, lakini S inalifunika na neno "mtoto" vilevile. Kwa hiyo mchoro unasema wazi kwamba "mdogo amelala" si kiambajengo, ingawa maneno hayo yamekaa bega kwa bega kama vile "mtoto" na "mdogo" yalivyokaa bega kwa bega.

Je, mchoro unasema kweli? Hapa ndipo tunapohitaji majaribio, na ningependa kuyaeleza pamoja na mitego yake, kwa sababu mara nyingi majaribio hufundishwa kana kwamba hayakosei.

Jaribio la kwanza ni la kuweka badala. Tunaondoa maneno tunayoyashuku na kuweka neno moja linalosimama kwa niaba yake. "Mtoto mdogo amelala" inakuwa "Huyu amelala." Neno "huyu" limebeba mzigo wote wa "mtoto mdogo," na sentensi imebaki salama. Mwanafunzi makini atainua mkono na kusema: mimi naweza kuondoa "mdogo amelala" na kuweka "analia," nikapata "Mtoto analia," ambayo nayo ni sentensi safi. Je, hilo halithibitishi kwamba "mdogo amelala" ni kiambajengo? Halithibitishi, na sababu yake inafaa kukumbukwa. "Huyu" inamtaja yule yule aliyetajwa na "mtoto mdogo," kwa hiyo ni mbadala wa kweli. "Analia" haisimami kwa niaba ya "mdogo amelala". Imeleta habari mpya na kuutupa udogo wa mtoto. Ukiruhusu neno lolote liingie mahali popote mradi sentensi isivunjike, utajikuta umethibitisha viambajengo ambavyo havipo.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa Kiswahili hasa. Mtu anaweza kusema: "Mdogo amelala" ni sentensi kamili, tunaisema kila siku tukimzungumzia mtoto mdogo kati ya watoto kadhaa, basi vipi isiwe kiambajengo? Ni kweli kwamba kivumishi chetu kinaweza kusimama peke yake na kufanya kazi ya nomino. Lakini katika sentensi hiyo nyingine "mdogo" ndiye kiima, wakati katika sentensi yetu kiima ni "mtoto mdogo." Kiambajengo hupimwa ndani ya sentensi iliyopo mezani, hakipimwi kwa kuuliza kama maneno hayo yangeweza kukaa pamoja kwingineko.

Jaribio la pili ni la swali. Nani amelala? Mtoto mdogo. Jibu limekuja likiwa zima, na swali liliulizwa kwa neno moja. Sioni swali lolote la kawaida ambalo jibu lake fupi, kwa sentensi yetu hii, litakuwa "mdogo amelala" huku "mtoto" akiwa amebaki ndani ya swali.

Jaribio la tatu, la kuhamisha, linahitaji sentensi yenye shamirisho, kwa hiyo tupite kwenye slaidi ya pili: "Mwalimu amesoma kitabu kipya." Tunaweza kulitanguliza shamirisho na kusema "Kitabu kipya, mwalimu amekisoma." Kirai kimehama kizima, na kiambishi -ki- ndani ya kitenzi kimebaki kama alama ya mahali kilipotoka. Tunaweza pia kumchelewesha kiima: "Amesoma kitabu kipya, mwalimu." Lakini jaribuni kumweka mwalimu katikati ya nomino na kivumishi chake: "Amesoma kitabu mwalimu kipya." Sikio linaikataa mara moja. Linachokataa si neno wala maana, kwa sababu maneno ni yale yale manne na upatanisho wa "kipya" unaonyesha waziwazi kwamba kilicho kipya ni kitabu. Linachokataa ni kuvunjwa kwa kiambajengo.

Katika slaidi hii hii kuna swali ambalo huulizwa mara chache kuliko inavyostahili: kwa nini tunakifungia kitenzi na shamirisho ndani ya KT moja, badala ya kuning'iniza vitu vitatu, yaani kiima, kitenzi na shamirisho, moja kwa moja chini ya S? Wengi hujibu kwamba ndivyo walivyofundishwa. Jibu bora limo katika namna tunavyozungumza. Tunasema: "Kusoma kitabu kipya, mwalimu amesoma, kukielewa, bado." Kitenzi kimegeuzwa kuwa cha ku-, kimelibeba shamirisho lake, na vyote viwili vimetangulia mbele vikiwa kitu kimoja, huku kiima kikibaki nyuma. Vivyo hivyo tunasema "Mwalimu amesoma kitabu na kuandika barua," ambapo "na" imeunga kitenzi na shamirisho lake na kitenzi kingine na shamirisho lake, na wote wawili wanamtumikia kiima mmoja. Hatuna njia sawa na hizo ya kumchukua kiima pamoja na kitenzi, tukaliacha shamirisho, na kuwapeleka wawili hao mahali pamoja. KT haikuwekwa pale ili mchoro upendeze.

Wazo la kuigawa sentensi katika sehemu zake za karibu, kisha kila sehemu katika sehemu zake, lilielezwa na Leonard Bloomfield mwaka 1933. Noam Chomsky, mwaka 1957, aliligeuza wazo hilo kuwa kanuni za kuandika upya, ambazo kwa Kiswahili tunaziita kanuni za miundo virai. Kwa sentensi zetu za leo zinatosha hizi:

```
S  → KN KT
KN → N
KN → KN V
KN → KN KH
KH → H KN
KT → T
KT → T KN
```

Mshale unasomwa "huandikwa upya kuwa." KH ni kirai husishi, na H ndani yake ni kile kiunganishaji cha a-unganifu: wa, cha, ya na wenzao. Najua wapo walimu wanaokiweka kirai hicho chini ya kivumishi kwa sababu kinavumisha nomino, na siwalaumu. Kwa hoja ya leo jina lake halibadilishi kitu, mradi tukubaliane mahali kinapoungana na kirai kingine. La kutazama zaidi ni kanuni ya tatu na ya nne. Zote mbili zina KN upande wa kushoto na KN tena upande wa kulia. Maana yake ni kwamba kirai nomino kinaweza kubeba kirai nomino kingine ndani yake, na hicho nacho kikabeba kingine. Bila hilo tusingeweza kuchora "mtoto wa mwalimu," wala "mtoto wa mwalimu wa jirani."

Sasa turudi kwenye sentensi mliyoiandika: "Mtoto wa mwalimu mrefu amelala." Nani mrefu?

Kila ninapouliza swali hili darasani, mikono huinuka kwa majibu mawili, na kila upande hushangaa kwamba upande wa pili upo. Pande zote mbili zina haki. Sentensi hii ina michoro miwili, na nitaiandika kwa mabano ili iingie kwenye slaidi moja. Kila jozi ya mabano ni kifundo, na herufi iliyo mwanzoni mwa mabano ni jina la kifundo hicho. Nimeacha KT, pamoja na N, H na V, kwa kuwa ni zile zile kote.

```
1: [KN [KN mtoto] [KH wa [KN [KN mwalimu] mrefu]]]
2: [KN [KN [KN mtoto] [KH wa [KN mwalimu]]] mrefu]
```

Katika mchoro wa kwanza kuna kifundo kinachofunika "mwalimu mrefu" peke yake. Kwa hiyo mrefu ni mwalimu, na urefu wa mtoto haukutajwa. Katika mchoro wa pili hakuna kifundo cha namna hiyo. Badala yake kuna kifundo kinachofunika "mtoto wa mwalimu," na "mrefu" limeunganishwa juu yake. Kwa hiyo mrefu ni mtoto.

Naomba tuijenge michoro hii hatua kwa hatua, kwa sababu kuna jambo linalojitokeza njiani. Kwa mchoro wa kwanza tunaanza na S, tunaiandika upya kuwa KN na KT. KN hiyo tunaiandika upya kuwa KN na KH. KN ya kushoto inakuwa N, ambayo ni "mtoto." KH inakuwa H, yaani "wa," pamoja na KN. KN hii ya ndani inakuwa KN na V, yaani "mrefu." KN iliyobaki inakuwa N, "mwalimu." Mwisho KT inakuwa T, "amelala." Tumetumia kanuni mara 7. Kwa mchoro wa pili tunaanza vivyo hivyo, lakini KN ya juu tunaiandika kwanza kuwa KN na V, na hapo "mrefu" imeshapata mahali pake. Kisha KN iliyobaki ndiyo inayogawanywa kuwa KN na KH, na KH inakuwa H na KN. "Mtoto" na "mwalimu" zinapata N zake, na KT inakuwa T. Hesabuni: ni mara 7 tena, na ni kanuni zile zile, kila moja idadi ile ile. Maneno ni yale yale, mpangilio wake ni ule ule, aina za maneno ni zile zile. Kilichotofautiana ni kanuni ipi imetumika juu ya ipi. Basi anayesema kwamba maana ya sentensi ni jumla ya maneno yake na mfuatano wake atakwama hapa, maana jumla ni moja na maana ni mbili.

Majaribio yetu nayo yanazitenganisha maana hizo. Mkimweka "huyu" badala ya "mwalimu mrefu," mnapata "Mtoto wa huyu amelala," na hilo linawezekana kwa mchoro wa kwanza tu. Mkimweka "huyu" badala ya "mtoto wa mwalimu," mnapata "Huyu mrefu amelala," na hilo linawezekana kwa mchoro wa pili tu. Kwa jaribio la swali kuweni waangalifu. Nikiuliza "Mtoto wa mwalimu yupi amelala?" nimeuliza swali lenye utata ule ule, kwa sababu "yupi" nalo linaweza kuungana na mwalimu au na mtoto wa mwalimu. Swali salama ni "Mtoto wa nani amelala?" Jibu likiwa "Wa mwalimu mrefu," tumo katika mchoro wa kwanza bila shaka.

Hadi hapa mtu anaweza kusema kwamba michoro hii miwili ni mawazo ya mchoraji tu, na kwamba lugha yenyewe haijali. Kwa bahati njema Kiswahili kinatupa ushahidi unaosikika kwa sikio, nao ni upatanisho wa ngeli. Ndiyo maana naupenda mfano huu kuliko mifano ya kuazima kutoka lugha nyingine. Mtoto na mwalimu ni wa ngeli moja na wote wako katika umoja, kwa hiyo "mrefu" linapatana na yeyote kati yao. Badilisheni idadi ya mmoja tu. "Watoto wa mwalimu mrefu wamelala": mrefu ni mwalimu, hapana mjadala. "Watoto wa mwalimu warefu wamelala": warefu ni watoto. Au badilisheni ngeli: "Kitabu cha mwalimu mzuri kimepotea" ni mchoro wa kwanza, na "Kitabu cha mwalimu kizuri kimepotea" ni mchoro wa pili. Kile ambacho mchoro unakionyesha kwa mistari, lugha inakionyesha kwa silabi moja mwanzoni mwa kivumishi. Michoro miwili ilikuwapo tangu mwanzo. Ngeli kufanana ndiko kulikoificha.

Dai hili tunaweza kulipima zaidi. Ikiwa upatanisho ndio unaotuondolea utata, basi kivumishi kisichopokea kiambishi cha ngeli kinapaswa kuurudisha utata hata pale nomino mbili zinapokuwa za ngeli tofauti. Chukueni "Kitambaa cha meza kichafu" na "Kitambaa cha meza chafu." Cha kwanza kinasema kitambaa ndicho kichafu, cha pili kinasema meza ndiyo chafu. Sasa wekeni "safi," ambalo halibadiliki kwa ngeli yoyote: "Kitambaa cha meza safi." Utata umerudi mzima, kama ilivyotarajiwa. Sijui mfano mwingine mfupi kiasi hiki unaomwonyesha mwanafunzi kwamba muundo na umbo la neno ni vitu viwili, na kwamba umbo la neno hutusaidia kuuona muundo lakini silo muundo wenyewe.

Upatanisho hauishii kwenye vivumishi. A-unganifu nayo hupatana na kile inachokivumisha. "Picha ya mtoto wa mwalimu" ina "wa," kwa hiyo kirai "wa mwalimu" kimeungana na "mtoto," na tunachozungumzia ni mtoto wa mwalimu. "Picha ya mtoto ya mwalimu" ina "ya" mara ya pili, kwa hiyo "ya mwalimu" kimepanda juu na kuungana na "picha ya mtoto". Picha ni mali ya mwalimu, na mtoto anaweza kuwa wa mtu mwingine kabisa. Kwenye mchoro ni tofauti ya tawi moja kupanda au kushuka.

Sasa niseme juu ya kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote katika slaidi za wanafunzi, na wakati mwingine katika vitabu vya mazoezi. Mchoraji huandika KN moja, kisha chini yake huning'iniza N, H, N na V, vyote vinne vikiwa mabinti wa mama mmoja. Mchoro wa namna hiyo ni bapa. Unapendeza macho na hauna mstari uliopinda, lakini haudai lolote kuhusu nani mrefu. Kwa mujibu wake "wa mwalimu" si kiambajengo, ingawa tunaweza kuuliza "wa nani?" na kujibiwa "wa mwalimu." Dalili ya kutambua kosa hili ni rahisi: chukua sentensi yenye maana mbili na uone kama mchoro wako unaweza kuchorwa kwa namna mbili. Ukipata mchoro mmoja tu kwa maana zote mbili, kuna kifundo ulichokiruka.

Kosa la pili ni mistari inayokatana. Mtu akiulizwa achore "Mtoto mrefu wa mwalimu amelala" kwa maana kwamba mwalimu ndiye mrefu, hujikuta akilivusha tawi la "mrefu" juu ya "wa" ili alifikishe kwa "mwalimu," na mstari wake unakatana na mwingine. Kanuni zetu haziruhusu hilo, kwa kuwa kila kanuni huviweka vitu kando kwa kando. Na kwa kweli hakuna anayeielewa sentensi hiyo kwa maana hiyo; mrefu hapo ni mtoto tu. Ndiyo maana mtu anayetaka kuepuka utata hukiweka kivumishi mara baada ya nomino yake, na huo ndio mpangilio uliozoeleka zaidi. Mistari inapokatana, kwanza ushuku maana uliyojipa, kisha ushuku kanuni zako.

Ushauri wangu kwa anayechora ni kuanza chini. Andika maneno kwenye mstari mmoja, weka aina ya kila neno juu yake, kisha tafuta maneno yaliyopita majaribio angalau mawili na uyafunge kwa kifundo kimoja. Panda hivyo hivyo hadi S. Anayeanza juu kwa S hukariri umbo kisha akayalazimisha maneno yaliingie.

Kuhusu sentensi ya neno moja, "Amelala," nitasema kwa ufupi. Wapo wanaochora KT peke yake chini ya S, na wapo wanaochora KN iliyo tupu, wakaweka alama ya Ø ndani yake. Mimi niko upande wa hao wa pili. Tukisema "Vimevunjika vyote," neno "vyote" limepatana na nomino ambayo haikutamkwa. Upatanisho unahitaji kitu cha kupatana nacho, hata kama kitu hicho hakina sauti.

"Vyote" hilo ndilo linalonipeleka kwenye slaidi ya mwisho, ambayo nimeiweka makusudi ili muone kanuni zetu zinapofikia ukomo. Tunasema "Watoto wote wamelala," na ukilichukulia "wote" kama V kwa muda, kanuni zinaichora bila taabu. Lakini tunasema pia "Watoto wamelala wote." Sasa "wote" liko upande wa pili wa kitenzi. Maana yake ni kuwahusu watoto, na upatanisho wake ni wa watoto, lakini ukiliunganisha na "watoto" mstari wake utalikata tawi la KT. Na si kila neno linaweza kufanya safari hiyo: "Mtoto amelala mrefu" haisemwi kwa maana ya "Mtoto mrefu amelala." Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mpangilio wa maneno ni huru, tukafunga hoja.

Ni mambo ya namna hii yaliyomfanya Chomsky, katika kazi ile ile ya mwaka 1957, aseme kwamba kanuni za miundo virai pekee hazitoshi, na kuongeza kanuni za mageuzi zinazochukua mchoro mmoja na kuugeuza kuwa mwingine. Kwa njia hiyo tungesema kwamba "wote" lilianza ndani ya KN, kando ya "watoto," kisha likahamishwa hadi mwisho wa sentensi. Mchoro wa kwanza unaeleza upatanisho na mchoro wa pili unaeleza mahali linaposikika. Wapo wanaoona kwamba "wote" halikuhama popote, bali liliungana na KT tangu mwanzo na kupatana na kiima kutoka huko, kama kitenzi chenyewe kinavyopatana na kiima kikiwa nje ya KN. Maelezo ya kwanza yana kazi ya kueleza kwa nini "mrefu" haihami. Maelezo ya pili yana kazi ya kueleza kwa nini KT inaipokea "wote" na kuikataa "mrefu." Naomba kila mmoja achore michoro ya njia zote mbili kwa "Watoto wamelala wote," kisha afanye hivyo kwa "Watoto wa mwalimu wamelala wote." Katika sentensi hii ya pili "wote" haliwezi kumhusu mwalimu, ambaye ni mmoja. Halafu wekeni "walimu" mahali pa "mwalimu," mseme "Watoto wa walimu wamelala wote," msikilize ni wepi wanaohusika: masikioni mwangu ni watoto pekee, ingawa walimu nao ni wengi na ngeli yao ni ile ile.